Kukadiria joto la ndani ya transista ya pawa, hata kwa hitisinki ya skrepu

Mafundi wengi hupima joto la transista kwa kidole. Wanagusa hitisinki, yaani lile pande la alumini lenye mapezi, wakiona ni vuguvugu tu wanafunga boksi na kumkabidhi mteja kifaa chake. Lakini kidole kinagusa alumini, ilhali kinachoungua ni kipande kidogo cha silikoni kilichofunikwa ndani ya transista. Kati ya viwili hivyo kunaweza kuwa na tofauti ya digrii 40 au zaidi. Tena hitisinki haikuonyeshi kasoro ya njiani: joto likipata taabu kutoka transista hadi kwenye alumini, kiini kinapanda huku alumini ikibaki vile vile.

Silikoni hiyo ya ndani nitaiita kiini. Huwezi kuishika wala kuifikia kwa kipimajoto, lakini joto lake unaweza kulipata kwa kujumlisha na kuzidisha tu. Hapa tutafanya hesabu hiyo kwa kifaa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: pawa saplai ya volti 12, ampea 1.5, yenye transista moja ya TIP41C iliyowekwa mfululizo kati ya kapasita kubwa na mzigo. Hitisinki yake imeng'olewa kwenye amplifaya iliyokufa, aina ile inayouzwa kwa kilo au kwa maelewano, bila karatasi yoyote ya maelezo.

Joto linavyosafiri

Joto hutoka kwenye kiini likapita vituo vitatu kabla ya kuishia hewani. Kwanza linavuka kutoka kiini hadi bamba la chuma lililo mgongoni mwa transista. Pili linavuka kutoka bamba hilo hadi hitisinki, kupitia maika, yaani kile kikaratasi cha kuhami umeme, na grisi. Tatu linatoka kwenye mapezi ya hitisinki kwenda kwenye hewa. Kila hatua ina ukinzani wake wa joto, unaopimwa kwa digrii kwa wati: ukinzani wa digrii 2 kwa wati maana yake kila wati moja inayopita inaacha tofauti ya digrii 2 kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea.

Aliyezoea sheria ya Omu hana kipya cha kujifunza hapa. Wati zinashika nafasi ya mkondo, digrii zinashika nafasi ya volti, na ukinzani tatu zilizo mfululizo zinajumlishwa kama resista tatu:

```
Tj = Ta + P × (RθJC + RθCS + RθSA)
```

Tj ni joto la kiini, Ta ni joto la hewa inayogusa mapezi, P ni wati. Herufi za mwisho zinaonyesha kutoka wapi hadi wapi: J ni kiini, C ni bamba la transista, S ni hitisinki, A ni hewa. Kwa hiyo RθCS ni ukinzani kati ya bamba na hitisinki. Ndivyo zinavyoandikwa kwenye datashiti, kwa hiyo inafaa kuzizoea.

Hatua ya 1: tafuta wati za kweli

Wati za transista iliyo mfululizo ni volti kati ya kolekta na emita, mara mkondo unaopita. Si volti za kutokea mara mkondo. Hizo ni wati za mzigo, na kosa hilo peke yake linaweza kuharibu hesabu yote.

Weka mzigo wa ampea 1.5, subiri kidogo, kisha pima kwa multimita kutoka kolekta hadi emita. Tuseme kapasita kubwa inasoma wastani wa volti 20 na pato ni volti 12. Transista inabaki na volti 8:

```
P = 8 V × 1.5 A = 12 W
```

Volti kwenye kapasita hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde kwa sababu ya mawimbi ya umeme wa gridi, lakini multimita ikiwa kwenye DC inakupa wastani, na kwa kuwa mkondo hautikisiki, wastani huo ndio unaotakiwa. Mkondo wa besi nao unaongeza wati kidogo mno, tuuache.

Kisha jiulize ni lini wati zitakuwa nyingi kuliko hapo. Umeme wa nyumbani ukipanda kutoka volti 230 hadi 245, zile 20 zinakuwa kama 21.3, na transista inabeba karibu wati 14. Ikiwa saplai yako ni ya kurekebisha, hali mbaya ni pale unapoishusha volti huku mkondo ukibaki mkubwa: pato la volti 3 kwa ampea 1.5 linaiachia transista volti 17, sawa na wati 25.5. Watu hushangaa saplai inaunguza transista wakati "inatoa volti ndogo tu". Ni kwa sababu hiyo hasa. Yetu ni ya volti 12 tu, basi tunaendelea na wati 12.

Hatua ya 2: soma datashiti bila kudanganywa na ile 65 W

Ukurasa wa kwanza wa TIP41C unasema wati 65. Namba hiyo ni kweli, ila ina sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo kando yake: bamba liwe kwenye digrii 25. Kuliweka bamba kwenye digrii 25 huku transista ikimwaga wati 65 kunahitaji mtambo wa kupoza, si kipande cha alumini. Hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Februari yenyewe imeshapita digrii 30.

Lakini namba hiyo ina manufaa mengine. Datashiti inasema pia kwamba juu ya digrii 25 uwezo unapungua wati 0.52 kwa kila digrii, na kwamba kiini kisizidi digrii 150. Gawanya 1 kwa 0.52 unapata 1.92. Huo ndio ukinzani wa kutoka kiini hadi bamba, RθJC. Hakiki: digrii 150 toa 25 ni 125, gawanya kwa 1.92, unarudi kwenye wati 65. Baadhi ya watengenezaji wameuandika moja kwa moja, na wengine wanaweka namba iliyo chini kidogo; mimi huchukua iliyo kubwa, kwa sababu kosa la upande huo halichomi kitu.

Kwenye datashiti hiyo hiyo kuna wati 2 kwa transista isiyo na hitisinki kabisa. Hizo zinalingana na ukinzani wa digrii 62.5 kwa wati kutoka kiini hadi hewani. Ukitaka kiini kisipite digrii 110 kwenye hewa ya digrii 40, transista iliyo uchi inaweza kubeba wati 1.1 tu. Namba hiyo inafaa kukaa kichwani: kifurushi cha TO-220, yaani umbo la TIP41C hii, kikivuka wati moja, kitafutie alumini.

Jambo moja la sokoni. Kuna TIP41C bandia, ambazo ndani yake kuna silikoni ndogo kuliko inayostahili. Silikoni ikiwa ndogo, joto lina njia nyembamba zaidi ya kutokea, na ile 1.92 haipo tena. Kwa nje hutaitambua kirahisi, maandishi yanaweza kufanana kabisa. Hii ni sababu mojawapo ya kutopanga hesabu yako iishie kwenye digrii 150.

Hatua ya 3: weka lengo, kisha rudi nyuma

Mimi hupanga kiini kisizidi digrii 110 katika kazi ya kawaida. Hiyo inaacha digrii 40 kwa ajili ya umeme uliopanda, vumbi kwenye mapezi, na grisi iliyokauka baada ya miaka. Kwa hewa, ninaweka digrii 40 ikiwa hitisinki iko nje ya boksi. Ikiwa iko ndani ya boksi lililofungwa, Ta ni joto la hewa ya humo ndani, si la chumba, na linaweza kuwa 50 au zaidi. Lipime, usilikisie.

Digrii tulizonazo ni 110 toa 40, yaani 70. Zigawe kwa wati 12:

```
70 / 12 = 5.83 °C/W
```

Huo ndio ukinzani wote unaoruhusiwa, kutoka kiini hadi hewani. Transista yenyewe imeshachukua 1.92. Maika yenye grisi kwenye TO-220 huchukua karibu 1.6. Kinachobaki ni cha hitisinki:

```
5.83 - 1.92 - 1.6 = 2.31 °C/W
```

Tunatafuta hitisinki ya digrii 2.3 kwa wati au chini yake. Ukumbuke kwamba hapa ndogo ndiyo bora. Wapo wanaoisoma kinyume na kuchukua ya 5 wakidhani ina nguvu zaidi. Na jibu likitoka hasi, maana yake hakuna hitisinki yoyote duniani itakayotosha kwa transista moja, hata ukiileta ya ukubwa wa mlango. Punguza wati au ongeza transista.

Hatua ya 4: pima hitisinki ya skrepu

Hitisinki mpya huja na ukinzani wake kwenye katalogi. Ya skrepu unaipimia mwenyewe, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inahitaji vitu ambavyo karakana nyingi tayari zinavyo: resista yenye vazi la alumini, zile za rangi ya dhahabu, ya omu 10 wati 50, chanzo cha volti 12 kinachotulia, multimita mbili, au moja unayoihamisha, na themokapo, ule waya mwembamba wa kupimia joto unaokuja na multimita nyingi.

Funga resista katikati ya hitisinki, mahali hasa itakapokaa transista, ukipaka grisi chini yake. Isimamishe hitisinki jinsi itakavyosimama kwenye kifaa, mapezi yakielekea juu na chini ili hewa ya moto ipande kati yake. Iinue kidogo mezani, kwa vipande viwili vya mbao, hewa baridi iingie kutoka chini. Feni la dari lizime. Upepo mdogo tu unabadilisha jibu, na ukisahau hilo utaipa hitisinki sifa isiyo yake.

Washa, na usikimbilie kusoma. Pande la alumini la gramu 300 linahitaji kama juli 270 ili kupanda digrii moja. Zidisha hiyo kwa ukinzani unaoutarajia, tuseme 2.2, unapata karibu sekunde 600. Hizo dakika 10 ni muda wa kufika takriban asilimia 63 ya safari. Baada ya dakika 30 unakuwa umefika asilimia 95. Mimi hungoja mpaka namba isibadilike zaidi ya nusu digrii ndani ya dakika tano. Anayesoma baada ya dakika tano za mwanzo atapata hitisinki nzuri ajabu, kisha transista itamuungukia kesho.

Mwishoni soma vitu vinne: volti kwenye resista, mkondo, joto la alumini pembeni mwa resista, na joto la hewa upande wa chini wa hitisinki, mbali kidogo ili lisiathiriwe na joto lake. Tuseme umepata volti 12.0, ampea 1.2, alumini digrii 63, hewa digrii 31:

```
P    = 12.0 V × 1.2 A = 14.4 W
RθSA = (63 - 31) / 14.4 = 2.22 °C/W
```

Tulihitaji 2.31, tumepata 2.22. Inafaa, kwa nafasi ndogo.

Kuna tahadhari mbili kuhusu namba hiyo. Ya kwanza, si namba ya kudumu. Hitisinki inayopozwa na hewa tu hufanya kazi vizuri zaidi inapokuwa ya moto, kwa kuwa hewa yenye moto zaidi hupanda kwa kasi zaidi. Ukiipima kwa wati 3 utapata ukinzani mkubwa kuliko ukiipima kwa wati 14. Kwa hiyo ipime kwa wati zinazokaribia zile za kazi yenyewe, kama tulivyofanya.

Ya pili inawahusu wanaotumia kipimajoto cha mwale, kile cha bastola. Alumini inayong'aa hutoa mwale kidogo sana; kipimajoto kinaona zaidi joto la ukuta linaloakisiwa. Nimeona kikisoma digrii 38 kwenye alumini ambayo kidole hakikai hata sekunde. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri kipate joto la alumini, ukipime hicho. Kwa sababu hiyo hiyo hitisinki zilizotiwa rangi ya kiwandani, nyeusi au nyingineyo, hupoa vizuri zaidi kuliko zinazong'aa pale ambapo hakuna feni. Ukiweka feni, rangi haina maana kubwa tena.

Hatua ya 5: funga transista vizuri, hapa ndipo kazi nyingi huharibika

Bamba la TIP41C limeunganishwa na kolekta. Likigusa hitisinki iliyofungwa kwenye boksi la chuma, boksi zima linapata volti 20. Ndiyo maana tunaweka maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu.

Anza na tundu. Kekee ikishatoboa alumini huacha ukingo ulioinuka, mkali, ambao unatoboa maika taratibu pindi skrubu inapokazwa. Chukua kekee kubwa zaidi, izungushe kwa mkono juu ya tundu mara mbili tatu mpaka ukingo uishe, kisha pitisha kucha. Kucha isikwame popote. Safisha vumbi lote la alumini.

Kisha grisi nyeupe, safu nyembamba pande zote mbili za maika. Kazi ya grisi ni kuondoa hewa kwenye mikwaruzo usiyoiona. Inapitisha joto vizuri kuliko hewa, tena kwa mbali, lakini ukiilinganisha na alumini haifikii hata sehemu moja ya mia. Ukiipaka nene unakuwa umejenga ukuta. Ikitosha, utaona ukingo mwembamba tu ukitokeza pembeni ukikaza skrubu.

Skrubu yenyewe isikazwe kwa hasira. TO-220 ina tundu moja upande wa juu. Ukikaza kupita kiasi, bamba linapinda na upande wa chini, ambako silikoni imekaa, unainuka kutoka kwenye alumini. Kifaa kimefungwa kwa nguvu na bado hakigusani. Kibano cha springi kinachobonyeza katikati ya mwili wa plastiki ni bora kuliko skrubu, kama hitisinki yako ina mahali pa kukishikia.

Kabla ya kuwasha, multimita kwenye omu, ncha moja kwenye bamba, nyingine kwenye alumini iliyokwaruzwa kidogo. Isisome kitu. Ikisoma, fungua upya.

Ili uone grisi ina thamani gani: maika ile ile bila grisi hupanda kutoka 1.6 hadi karibu 3.4. Tofauti ya 1.8, mara wati 12, ni digrii 21.6 zinazoongezeka kwenye kiini, na hitisinki haitaonyesha dalili yoyote. Wati zinazoingia ni zile zile, kwa hiyo alumini inabaki na joto lile lile.

Hatua ya 6: hesabu ya kituo kwa kituo

Sasa weka namba za kweli, ukianza na hewa ukirudi ndani:

```
Hewa       : 40.0 °C
Hitisinki  : 40.0 + 12 × 2.22 = 66.6 °C
Bamba      : 66.6 + 12 × 1.6  = 85.8 °C
Kiini      : 85.8 + 12 × 1.92 = 108.9 °C
```

Tazama pale hitisinki ikiwa digrii 66.6. Kidole kitakimbia, na fundi wa kidole atasema transista inaungua. Kumbe iko salama, ina digrii 41 za kusogea kabla ya kufika kikomo. Umeme ukipanda na wati zikawa 14, kiini kinafika karibu digrii 120. Bado sawa.

Usiishie kwenye karatasi. Washa kifaa na mzigo kamili kwa nusu saa, kisha weka themokapo kwenye ukingo wa bamba la transista, karibu na skrubu, na baadaye kwenye alumini sentimita moja kutoka hapo. Angalia kwamba bamba lina volti 20, kwa hiyo ncha ya themokapo iwe na kinga, ama tumia mita ya betri isiyounganishwa na kitu kingine. Tofauti ya masomo hayo mawili, ukiigawa kwa wati, ndiyo RθCS uliyoipata kwa mikono yako. Kwa wati 12 tulitarajia kama digrii 19. Ukipata 40, fungua: grisi haikufika, maika ni mbili zimeshikana, au bamba limepinda. Ukipata tofauti ndogo lakini kila kitu ni cha moto kuliko ulivyokokotoa, maika haina kosa. Tatizo liko kwenye hewa au kwenye wati, rudi upime Ta na volti za kolekta.

Ukishapata joto la bamba, hesabu inayobaki ni fupi na ya kuaminika: bamba, jumlisha wati mara 1.92. Hii ni njia nzuri pia kwa kifaa cha mtu mwingine ambacho hujui hitisinki yake ni ya aina gani. Pima bamba, pima wati, umemaliza.

Ikigoma kutosha

Tuseme hitisinki uliyonayo inatoa 3.5. Wengi hukimbilia feni, na feni inasaidia kweli, ila inagusa ukinzani mmoja tu kati ya tatu, ule wa mwisho. Zile 1.92 na 1.6 haziguswi hata ukipuliza kwa kimbunga. Tena feni huzibwa na vumbi na kufa, na siku ikifa hakuna anayejua.

Kuongeza transista ya pili ni bei ndogo na kunagusa pale feni isipofika. TIP41C mbili sambamba, kila moja na maika yake na resista ya omu 0.22 kwenye emita ili zigawane mkondo kwa haki, kila moja inabeba wati 6. Resista hizo zinakula kama volti 0.17 kila moja, hazisumbui. Kwenye hitisinki yetu ya 2.22, alumini inabaki digrii 66.6, lakini kiini kinakuwa 66.6 jumlisha 6 mara 3.52, yaani digrii 87.7. Umeshusha digrii 21 bila kununua alumini hata gramu moja. Usiziache resista za emita: transista inayopata moto kidogo zaidi hupitisha mkondo zaidi, ikapata moto zaidi, mpaka inabeba mzigo wote peke yake.

Njia ya tatu ni kupunguza wati kwenye chanzo. Kama transfoma yako ina tepu ya volti 14 pamoja na ya 15, jaribu ya 14. Angalia tu kwamba kwenye mzigo kamili, chini ya mawimbi, regulata bado ina volti za kutosha kufanya kazi, hasa wakati umeme wa gridi umeshuka.

Mahali hesabu hii isipofika

Fomula hii inahusu hali iliyotulia. Pato likipigwa shoti, volti zote 20 zinaangukia transista. Ukiwa umeweka kikomo cha mkondo cha ampea 2, hizo ni wati 40, na kiini kinataka kupanda digrii 141 juu ya hitisinki: 40 mara 3.52. Hitisinki ikiwa tayari kwenye digrii 66, jibu linapita 200. Silikoni ni ndogo, haichukui dakika kama alumini. Inapanda kabla hitisinki haijapata habari. Alumini kubwa zaidi haitaiokoa. Kinachookoa ni saketi inayorudisha mkondo chini pato linapoanguka, ili kwenye shoti ibaki sehemu ndogo ya ampea.

Kwa joto linalopanda polepole, kama feni lililokufa, mapezi yaliyojaa vumbi au boksi lililofunikwa na kitambaa, weka swichi ya joto ya KSD301 juu ya hitisinki, ile inayokuwa imefungwa ikipoa na kufunguka ikipata moto. Nambari ya kuchagua inatoka kwenye hesabu yetu wenyewe. Kwa wati 12, kiini kiko digrii 42.2 juu ya hitisinki. Swichi ya digrii 85 ikifunguka, kiini kiko kwenye 127, bado chini ya 150. Ya digrii 110 ingekuwa imechelewa: kiini kingekuwa kimeshafika 152. Iunganishe mfululizo na waya wa besi, ambako mkondo ni mdogo, na weka resista ya omu 220 kati ya besi na emita ili transista iliyopata moto ijifunge kabisa besi inapoachwa wazi. Ipakie grisi kidogo chini yake, na uifunge karibu na transista kadiri nafasi inavyoruhusu, si kwenye ncha ya mbali ambako alumini huwa imepoa kidogo.